Sura ya Saba: Mguu Unaowaka

Ngozi ya binadamu ina matabaka mawili, la juu lililo jembamba ambalo kazi yake kubwa ni kuzuia, na la ndani lililo nene zaidi, lenye mishipa ya damu, neva na mashina ya nywele, na chini ya hayo mawili hulala mafuta yanayoitenganisha ngozi na misuli. Selulitisi ni maambukizi ya bakteria katika tabaka la ndani la ngozi pamoja na mafuta hayo yaliyo chini yake. Huweza kutokea popote mwilini, lakini hupenda zaidi mguu, kuanzia kwenye wayo hadi chini ya goti, na mara nyingi mguu mmoja tu. Dalili zake za kawaida ni ngozi inayobadilika rangi, kuvimba, kupata joto na kuuma ikiguswa, huku eneo lililoshikwa likizidi kupanuka kadiri saa zinavyopita na mgonjwa akiwa na homa.

Kupanuka huko ndiko kunakoutofautisha ugonjwa huu na jipu, na sababu yake imo katika tabia ya bakteria wenyewe. Wanaosababisha selulitisi mara nyingi zaidi ni streptokokasi, bakteria wa duara wanaojipanga kama shanga katika uzi. Bakteria hawa hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zenye uwezo wa kuvunjavunja vitu, na kati ya vimeng'enya hivyo kimoja huyeyusha ile gundi ya asili inayozishikanisha seli za ngozi, na kingine huyeyusha damu iliyoganda ambayo mwili ulikuwa umeitandaza ili kuwazingira wavamizi. Stafilokokasi, ambao nao huweza kusababisha selulitisi lakini ni mabingwa zaidi wa majipu, wana kimeng'enya kinachofanya kazi ya kinyume, kwa kuwa chenyewe hugandisha majimaji ya damu kuwazunguka, na hivyo hujikuta wamefungiwa mahali pamoja, usaha ukajikusanya na jipu likaiva. Ndiyo maana jipu lina mdomo na selulitisi haina. Anayeuchanja mguu wenye selulitisi kwa wembe akitafuta usaha hakuti kitu ila damu na majimaji, na anachokuwa amekifanya ni kuwafungulia bakteria mlango wa pili.

Katika maeneo mengi ya Tanzania uvimbe wenye maumivu unaohama au kupanuka huitwa tambazi, jina linalotokana na kitenzi kutambaa, na ni lazima ikubaliwe kwamba waliolibuni jina hilo waliuangalia ugonjwa kwa makini. Tatizo ni kwamba jina moja limebebeshwa magonjwa kadhaa. Tambazi ya mtu mmoja huweza kuwa usaha uliojificha ndani ya msuli, ambao kweli hauponi mpaka daktari aupasue na kuutoa. Ya mwingine ikawa damu iliyoganda katika mshipa mkubwa wa mguu, na ya wa tatu ikawa selulitisi, ambayo haihitaji kisu bali dawa. Pamoja na jina hilo imesafiri imani kwamba mgonjwa wa tambazi hapaswi kuchomwa sindano. Si vigumu kuona jinsi imani ya namna hiyo inavyoweza kujilisha yenyewe, kwani anayepelekwa hospitali akiwa amechelewa siku 5, bakteria wakiwa wameshaingia katika damu, huweza kufariki muda mfupi baada ya sindano ya kwanza, na wanaoshuhudia wakaihesabu sindano badala ya zile siku 5.

Bakteria hawapenyi ngozi nzima. Lazima wapate ufa, na ufa huo kwa kawaida ni mdogo kiasi cha kudharauliwa: mchubuko wa kwato za mbuzi, kidonda cha kukunwa baada ya kuumwa na mbu, tundu lililoachwa na funza aliyetolewa kwa pini, magaga ya kisigino yaliyochimbika hadi kutoa damu. Hata hivyo mlango unaosahaulika kuliko yote uko katikati ya vidole vya mguu, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano, ambako vidole vimebanana, hewa haipiti na jasho halikauki. Hapo fangasi huota, ngozi ikawa nyeupe na kulegea kama iliyolowekwa majini usiku kucha, kisha ikapasuka. Mwenye mguu huuona mwasho wa hapo kuwa jambo la kawaida, na huenda ameishi nao kwa miaka. Fangasi wenyewe hawasababishi selulitisi. Wao wanafungua tu mlango na streptokokasi wakapita.

Utafiti uliofanywa nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa 167 waliolazwa kwa maambukizi ya aina hii mguuni na watu wengine waliolazwa hospitalini kwa sababu tofauti. Walichotofautiana zaidi hakikuwa uvutaji wa sigara, bali mambo mawili: mguu uliokuwa umevimba tangu zamani kwa sababu ya kuziba kwa mishipa ya limfu, na uwepo wa mlango katika ngozi, ukiwemo ule ufa wa kati ya vidole. Kisukari, ambacho wengi wangekitaja kwanza, hakikujitokeza katika hesabu zao. Hilo lisisomwe kuwa kisukari hakina neno. Mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kupoteza hisia za nyayo, akachomwa na msumari bila kujua, na maambukizi yakishaingia humwendea vibaya zaidi kuliko mtu mwingine. Lakini asiye na kisukari hana sababu ya kujiona salama iwapo vidole vyake vimepasuka.

Namna ugonjwa unavyoanza huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja uliofuatwa hatua kwa hatua, na mfano unaofaa ni wa fundi mwashi wa Tanga mwenye umri wa miaka 52, mfano uliotungwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi. Kutwa nzima husimama katika zege bichi akiwa amevaa viatu vya raba vilivyotoboka, na saruji, ambayo ni kali kwa ngozi kama magadi, hushinda imelowana katikati ya vidole vyake. Jumatatu jioni, akiwa amemaliza kazi bila tatizo lolote, ghafla anashikwa na baridi kali ya kutetemesha meno, anajifunika mablanketi mawili, na baada ya nusu saa mwili unawaka. Kichwa kinamuuma na anatapika mara moja. Mguu hauna kitu cha kuonekana. Anachokihisi tu ni mtoki, yaani uvimbe wenye maumivu kwenye kinena cha upande wa kulia.

Kwa mtu wa pwani, homa yenye kutetemeka ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na ndivyo familia yake inavyoamua. Dawa ya mseto inanunuliwa duka la jirani bila kipimo. Uamuzi huo unaeleweka kabisa, na ndani yake ndimo siku ya kwanza inamopotelea. Katika selulitisi homa huweza kuitangulia ngozi kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi siku nzima, kwa sababu sumu za bakteria huingia katika mzunguko wa damu na kuuamsha mwili kabla eneo lenyewe halijavimba vya kutosha kuonekana. Mtoki nao una maana yake: majimaji yanayotoka katika tishu za mguu, ambayo huitwa limfu, hurudi juu kupitia mishipa yake maalumu na kuchujwa katika tezi za kinena, na tezi hizo zikiwakamata bakteria huvimba na kuuma. Malaria haisababishi mtoki wa upande mmoja. Homa ya ghafla pamoja na kinena kinachouma ni sababu tosha ya kuvua soksi na kuuangalia mguu wa upande huo, hadi katikati ya vidole.

Jumanne asubuhi fundi anaamka na kukuta kifundo cha mguu kimejaa, na hapo ndipo swali la rangi linapoanza kumchanganya. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa na watu waliowatazama wagonjwa wenye ngozi nyeupe, na kwa sababu hiyo neno linalotangulia katika kila maelezo ya selulitisi ni wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kama wekundu. Eneo lililoshikwa huwa jeusi zaidi kuliko ngozi ya pembeni, au huchukua rangi ya zambarau iliyofifia, au hung'aa tu kama lililopakwa mafuta kwa sababu ngozi imevutwa na uvimbe, na katika ngozi iliyo nyeusi sana huenda jicho lisione tofauti yoyote siku ya kwanza. Mgonjwa anayeambiwa asubiri wekundu anaweza kusubiri kitu ambacho hakitatokea.

Kinachosaidia ni mkono. Mgongo wa kiganja, ambao huhisi joto vizuri kuliko vidole, hupitishwa polepole kutoka gotini kuelekea chini katika mguu mzima, kisha katika ule unaouma, na mahali ambapo joto linabadilika ghafla ndipo ulipo ukingo wa ugonjwa. Baada ya joto hufuata ugumu: ngozi iliyoshikwa haikunjiki kwa vidole viwili kama ile ya jirani yake, na vitundu vya vinyweleo huonekana vimezama kama vya ganda la chungwa. Mwisho ni maumivu ya kuguswa, ambayo huishia karibu palepale joto linapoishia. Mambo hayo matatu yakikutana katika mguu mmoja, rangi huwa ni ushahidi wa nyongeza tu. Iwapo miguu yote miwili imevimba na kuwa myeusi kwa pamoja, inawasha zaidi ya kuuma na mwenyewe hana homa, basi kwa kiasi kikubwa si selulitisi bali ni damu inayotuama miguuni kwa sababu ya udhaifu wa mishipa, na dawa za bakteria hazitamsaidia. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu bila joto kali juu ya ngozi na bila homa kubwa unapaswa kuleta wazo la damu iliyoganda ndani ya mshipa, jambo ambalo nalo halisubiri, na kipimo cha ultrasaundi hulithibitisha.

Fundi anakaa nyumbani Jumanne yote akikanda mguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Anameza pia vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki kabatini baada ya mtoto kuugua kifua, na jioni anachomwa sindano ya diklofenaki dukani ili apate usingizi. Kila moja ya tiba hizo ina madhara yake. Maji ya moto huongeza damu na majimaji katika mguu ambao tayari umejaa. Vidonge vinne vya antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ni vichache mno kuumaliza ugonjwa. Na diklofenaki, ambayo hupunguza maumivu na homa kwa nguvu, huweza kuzifunika dalili mbili ambazo tabibu angezitegemea kesho yake kujua kama ugonjwa unakwenda ndani.

Jumatano saa 3 asubuhi anafika kituo cha afya. Joto la mwili ni nyuzi 38.9, mapigo ya moyo ni 108 kwa dakika, shinikizo la damu ni 130 kwa 80, na kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Sukari ni ya kawaida. Tabibu anaupima mguu kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 chini ya goti, na kupata sentimita 41 upande wa kulia dhidi ya 36 upande wa kushoto. Kisha anachukua kalamu ya wino na kufuata kwa kidole ule ukingo ambapo joto linaishia, akiuchora mstari kuuzunguka mguu wote, na pembeni yake anaandika tarehe na saa. Mstari huo, usiogharimu chochote, una thamani kuliko vipimo vingi vya maabara. Selulitisi ni ugonjwa wa ukingo unaohama, na bila alama hakuna mtu, hata mgonjwa mwenyewe, anayeweza kukumbuka kwa uhakika jana yake uliishia wapi. Kuchukua usaha wa kupima hakuwezekani kwa kuwa usaha haupo, na damu ikioteshwa maabara mara nyingi haioti kitu. Tabibu huanza tiba kwa kuutazama na kuugusa mguu.

Swali la kwanza la tiba ni kama mgonjwa anaweza kutibiwa akiwa nyumbani au lazima alazwe. Fundi ana homa na moyo unakwenda mbio kiasi, lakini shinikizo la damu ni zuri, anajibu maswali sawasawa, ameacha kutapika na anakojoa kama kawaida. Anapewa floksasilini, dawa ya jamii ya penisilini inayowaua streptokokasi pamoja na stafilokokasi wengi, miligramu 500 kila baada ya saa 6, imezwe tumbo likiwa tupu kwa sababu chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, kwa siku 7. Mahali ambapo haipatikani, kloksasilini au sefaleksini hufanya kazi hiyo, na kwa mtu anayedhurika na penisilini tabibu huchagua dawa ya jamii nyingine. Amoksilini peke yake, inayonunuliwa kirahisi kuliko zote, huwaua streptokokasi lakini stafilokokasi wengi wameshajifunza kuivunja. Kwa maumivu anapewa parasetamoli. Kati ya vidole, ambako ufa umekutwa kama ilivyotarajiwa, anapewa krimu ya klotrimazoli ya kupaka mara mbili kwa siku.

Agizo linalobaki ndilo linaloonekana dogo na ndilo linalopuuzwa zaidi: kuuinua mguu. Kuuweka juu ya kigoda akiwa amekaa hakutoshi, kwa kuwa mguu bado uko chini ya moyo na majimaji hayapandi mlima yenyewe. Fundi anaelekezwa alale chali na mguu uegemezwe kwenye mito miwili au godoro lililokunjwa, kisigino kikiwa juu kuliko kifua, kwa sehemu kubwa ya mchana na usiku, akiamka tu kwenda msalani na kula. Uvimbe ukipungua, maumivu hupungua nao, na damu inayoleta dawa hupita kwa urahisi zaidi katika tishu zilizokuwa zimebanwa.

Anaagizwa arudi baada ya saa 48, na hapa pana jambo linalowachanganya wagonjwa wengi. Alhamisi asubuhi, baada ya dozi nne, ukingo umeuvuka mstari kwa sentimita 2. Mke wa fundi anataka apelekwe hospitali nyingine akabadilishiwe dawa. Katika siku ya kwanza na hata ya pili ya tiba sahihi, wekundu na joto huweza kuendelea kusambaa kidogo, kwa sababu bakteria wanapokufa humwaga sumu zao na mwili huendelea kupambana na mizoga yao. Kinachotazamwa wakati huo ni mgonjwa mzima na si mstari peke yake: homa imeshuka hadi 37.8, amelala usingizi, ameomba uji. Mtu ambaye mstari umevukwa huku homa ikipanda, mapigo ya moyo yakiongezeka na yeye akizidi kulegea, ni habari nyingine kabisa. Ijumaa asubuhi, anaporudi kituoni, ukingo umerudi ndani ya mstari, na ngozi iliyokuwa inang'aa imeanza kupata mikunjo midogo kama ya embe lililonyauka, dalili ambayo matabibu wazoefu huifurahia kuliko namba yoyote.

Kama fundi angefika na shinikizo la 85 kwa 50, au akiwa anachanganyikiwa, au hajakojoa tangu jana, maana yake ingekuwa kwamba maambukizi hayako tena mguuni tu. Bakteria na sumu zao wakishatawala damu, mishipa hulegea, shinikizo hushuka, na figo, ubongo na moyo huanza kukosa damu ya kutosha. Hali hiyo huitwa sepsisi, na mgonjwa huhitaji dripu na sindano za antibiotiki ndani ya saa ya kwanza, si baada ya kuandikiwa rufaa ya kesho. Wanaofikia hapo haraka ni wazee, wenye kinga iliyoshuka, wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye ugonjwa wa ini.

Hatari nyingine ni ya kwenda chini badala ya kusambaa. Chini ya mafuta kuna utando mgumu mweupe unaoifunika misuli, ambao mtu yeyote aliyewahi kuchuna nyama ameuona, na kitaalamu huitwa fashia. Bakteria wakiufikia utando huo huteleza juu yake kwa kasi ya kutisha na kuiua tishu yote wanayopitia. Wakati huo ngozi ya juu huweza bado kuonekana ya kawaida, na hiki ndicho kitendawili cha ugonjwa huo: maumivu ni makubwa mno ukilinganisha na kinachoonekana, mgonjwa hataki hata shuka imguse, na maumivu yanaenea hadi nje ya eneo lililobadilika rangi. Baadaye hutokea malengelenge yenye maji meusi, ngozi hufa ganzi kwa sababu neva zake zimeshaharibika, na wakati mwingine ikibonyezwa husikika na kuhisika mchakacho kama wa mchele mbichi, kwa sababu ya gesi iliyozalishwa ndani. Kuacha kuuma ghafla kwa mguu wa namna hiyo kusichukuliwe kuwa ni nafuu. Antibiotiki peke yake haziwezi kuutibu, kwa kuwa mishipa ya damu ya eneo hilo imeziba na dawa haina njia ya kufika. Lazima daktari wa upasuaji aondoe kila kilichokufa, na kinachoamua kama mgonjwa atapona, na kama atabaki na mguu, ni saa zilizopita kabla ya kisu. Ndiyo maana mgonjwa wa selulitisi ambaye maumivu yake yanapanda wakati dawa zinaendelea hapaswi kutulizwa kwa diklofenaki ya pili.

Wengi hawafiki huko. Kwao gharama ya kuchelewa ni ya kimya, nayo huanza kulipwa mguu ukishapona. Mishipa ya limfu ina kuta nyororo na vali ndogondogo zinazoyasukuma majimaji juu, na kila shambulio la selulitisi huzitia makovu, kadiri linavyokaa muda mrefu ndivyo makovu yanavyozidi. Mishipa yenye makovu haichoti majimaji vizuri, mguu hubaki na uvimbe mdogo, na majimaji yanayotuama, yenye protini nyingi na askari wachache wa kinga, huwa makazi mazuri kwa bakteria watakaopita ufa unaofuata. Shambulio la pili huacha makovu zaidi ya la kwanza, na la tatu zaidi ya la pili.

Katika pwani ya Afrika Mashariki duara hilo lina jina la siku nyingi, matende. Minyoo midogo inayoenezwa na mbu huziharibu kwanza mishipa ya limfu, lakini kinachoufanya mguu ukue na ngozi iwe ngumu yenye mikunjo ni kwa sehemu kubwa mashambulio ya bakteria yanayorudiarudia, yale yanayomlaza mwenye matende kwa homa na maumivu kwa siku kadhaa na kumkosesha kazi. Tanzania ilianza kugawa dawa za kinga dhidi ya minyoo hiyo kisiwani Mafia mwaka 2000, na Zanzibar ikafuata mwaka 2001, na dawa hizo huzuia minyoo kuenea lakini haziurudishi nyuma mguu uliokwisha kuvimba. Kinachopunguza mashambulio ni kuuosha kila siku kwa sabuni na maji ya kawaida, kukausha kila mkunjo na kila nafasi ya kidole kwa kitambaa laini bila kusugua, kuvitibu vidonda vidogo siku hiyohiyo, kuvaa viatu visivyobana na kuuinua mguu usiku. Ni kazi ya robo saa, na ugumu wake ni kwamba haina mwisho.

Kwa waliopata selulitisi zaidi ya mara moja bila matende, yapo majaribio mawili ya tiba yanayofaa kutajwa. La kwanza lilifanyika Uingereza na Ayalandi na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013: kati ya wagonjwa 274, waliomeza penisilini miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa mwaka mmoja, 22 katika kila 100 walipata shambulio jingine, dhidi ya 37 katika kila 100 waliomeza vidonge visivyo na dawa, na kinga hiyo ilipotea baada ya dawa kusimamishwa. La pili, la Australia, lilichapishwa mwaka 2020 na kuwahusisha wagonjwa 84 wenye miguu iliyovimba muda mrefu, na lilionyesha kwamba soksi ndefu za kubana zilipunguza mashambulio kutoka 40 hadi 15 katika kila 100. Soksi hizo huvaliwa baada ya maambukizi kuisha na baada ya kuhakikisha kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni ni mizima, kwani mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huweza kuoza.

Fundi wa Tanga anarudi kituoni wiki ya tatu. Ngozi ya mguu wa kulia imebambuka kama ya nyoka na chini yake imebaki nyeusi kuliko zamani, weusi ambao utachukua miezi kufifia na ambao hauna maana kwamba ugonjwa bado upo. Futi inasoma sentimita 37.5, moja na nusu zaidi ya mguu wa pili, na tabibu anaiandika namba hiyo katika daftari ili ilinganishwe baada ya miezi mitatu. Ufa wa kati ya vidole umefunga kabisa. Kisha tabibu anamwomba avue kiatu cha kushoto, mguu ambao hakuna aliyeuangalia tangu ugonjwa uanze, na kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ni nyeupe, imelegea, na imeshaanza kupasuka.